Salio la Tarehe Tisa

Katika familia hiyo kila mtu alikuwa na fungu lake la kubeba wakati mama anaugua. Kaka Mkubwa, fundi magari mwenye gereji yake mwenyewe, alibeba pesa. Dada, fundi cherehani, alibeba usingizi: alihamia nyumbani kwa mama na cherehani yake na binti yake mdogo, akamuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Kitinda, waliyemwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa karani wa mahesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara wake ulikuwa mdogo, likizo hakuwa nayo, na kwa muda mrefu alijiona hajabeba kitu.

Kwa hiyo Jumapili ile, wiki tatu baada ya maziko, Kaka Mkubwa alipomnyooshea kidole na kusema, "Wewe ndiye msomi wa mahesabu, tupangie," Kitinda alikaribia kufurahi. Baadaye aliikumbuka furaha ile kwa aibu.

Walikuwa wamekaa sebuleni kwa mama. Kiti chake kilichokuwa karibu na dirisha hakuna aliyekikalia, hata Shangazi, dada wa marehemu baba yao, ambaye kwa kawaida hukalia chochote kilicho karibu. Juu ya mlango, kwenye msumari, ufunguo wa mama ulining'inia na kitambaa chake chekundu.

"Sitaki kelele," alisema Kaka Mkubwa. "Nataka kujua tu. Mwezi wa mwisho peke yake nimetia laki saba. Kitinda katia laki tatu. Nimeangalia salio, imebaki elfu arobaini na nane. Zilikwenda wapi?"

"Zilikwenda kwa mama," alisema Dada.

"Sijakataa. Nataka kuziona zikienda."

Dada hakubishana. Simu ya mama alikuwa nayo yeye, na ndiyo iliyokuwa na akaunti ya benki. Aliifungua, akapiga picha za skrini, akazituma kwenye kundi la familia moja baada ya nyingine. Zilikuwa tatu. Kila moja ilikuwa na mistari minane: tarehe, maelezo, kiasi kilichotoka au kilichoingia, na mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, salio.

"Haya, Karani Mkuu," alisema Shangazi, akivuta shuka lake mabegani. "Tuonyeshe shule ilikwenda kufanya nini."

Kitinda alitoa karatasi yenye mistari na kalamu nne za rangi. Alichora safu sita. Hospitali, dawa, teksi, chakula, umeme na makato ya benki, na ya mwisho taslimu, yaani pesa zilizotolewa mkononi kwenye mashine. Maandishi yalikuwa madogo na kioo cha simu yake kilikuwa na ufa, kwa hiyo alichagua njia ya haraka. Alishika fungu moja, akapita nalo picha zote tatu, akaandika kiasi tu, kisha akarudi mwanzo na fungu la pili. Salio hakuliandika. Safu ilikuwa imejaa, naye aliona kwamba kinachotafutwa ni kilichotumika, wala si kilichobaki.

Alijumlisha kila safu mara mbili, akasoma.

"Hospitali, laki tano na elfu sabini. Dawa, laki mbili na elfu arobaini na nane. Teksi, elfu hamsini na nne. Chakula, laki moja na elfu arobaini na tatu. Umeme na makato, elfu kumi na nane. Taslimu, laki sita na elfu sitini."

"Rudia hiyo ya mwisho," alisema Kaka Mkubwa.

"Laki sita na elfu sitini."

Shangazi aliguna. Kaka Mkubwa aliinuka, akaja kusimama nyuma ya bega la Kitinda. Alinukia sabuni ya unga na, chini yake, oili ambayo haimtoki hata akioga mara tatu.

"Hospitali ilikula laki tano na kitu," alisema polepole. "Mkono wa mtu ulikula laki sita na kitu. Zilitoka lini?"

Kitinda alipekua picha. "Tarehe tisa, laki moja moja, mara nne. Tarehe kumi na nane, mara mbili. Tarehe ishirini na nne, elfu sitini."

"Tarehe tisa laki nne? Siku moja?"

"Sikutoa laki nne siku moja," alisema Dada. "Nilitoa mara mbili tu. Ile mashine ya njia panda haikupi zaidi ya laki kwa mkupuo, ndiyo maana nilirudia."

"Picha umepiga wewe au nimepiga mimi?"

"Nimepiga mimi."

"Kitinda, zipo mara ngapi?"

Alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Mbili chini ya picha ya kwanza. Mbili juu ya picha ya pili. Alitamani isiwe hivyo. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba karatasi haina upendeleo, na aliliamini hilo kwa moyo wote, kama wanavyoamini watu waliotoka chuoni juzijuzi.

"Picha zinaonyesha mara nne, Dada," alisema.

Dada alimtazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma. Alimtazama kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, akageuka na kuona ukuta haupo.

"Sawa," alisema. "Kama wewe umesoma hivyo, basi ni hivyo." Akaenda jikoni. Wakasikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika bila kuosha kitu.

Kaka Mkubwa alinyoosha mkono, akautoa ufunguo kwenye msumari.

"Nyumba hii itapangishwa," alisema, akipaza sauti ifike jikoni. "Mwisho wa mwezi utafute pa kuweka cherehani yako. Simfukuzi mtu. Ila siwezi kumwachia nyumba ya mama mtu asiyeweza kuniambia laki sita zilikwenda wapi."

Bomba lilifungwa.

*

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi walimwita Mzee Misumari, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuwa na elimu kubwa, lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaulizia saruji, alisimama mbele ya droo ya pesa na kumuuliza Kitinda maswali yaleyale manne, kwa mpangilio uleule.

"Ulianza na ngapi?"

"Elfu hamsini."

"Zikaingia ngapi?"

"Laki tatu na elfu ishirini."

"Zikatoka ngapi?"

"Elfu sabini. Ya mbao na ya mpakiaji."

"Ulibaki na ngapi?"

"Laki tatu kamili, Mzee."

"Zihesabu nizione." Alimtazama usoni. "Leo una nini? Unahesabu kama mtu anayetafuna mchanga."

"Mambo ya nyumbani."

"Ya nyumbani yana hesabu ngumu kuliko za dukani. Huko hakuna anayekuuliza ulianza na ngapi." Alicheka mwenyewe, akaenda kumfokea kijana wa mabati.

Kitinda alibaki ameshika noti. Alizirudisha kwenye droo, akaifunga, akatoa kwenye mkoba karatasi ya jana iliyokunjwa mara nne.

Ulianza na ngapi? Kwenye picha ya kwanza, juu kabisa, ilikuwa imeandikwa: salio la mwanzo, laki nne. Zikaingia ngapi? Laki saba za Kaka, laki tatu zake yeye, jumla milioni moja. Kwa hiyo akaunti ya mama, mwezi mzima, haikuwahi kuwa na zaidi ya milioni moja na laki nne za kutumia.

Zikatoka ngapi? Hilo hakuwahi kulijumlisha. Alikuwa amejumlisha kila safu peke yake, na hakuna aliyemuuliza jumla ya safu zote. Alianza kuzipandisha pembeni mwa karatasi. Laki tano na sabini, na laki mbili arobaini na nane, na hamsini na nne, na laki moja arobaini na tatu, na kumi na nane, na laki sita na sitini.

Milioni moja, laki sita, elfu tisini na tatu.

Aliitazama namba hiyo mpaka ikaanza kucheza machoni. Akaunti iliyokuwa na milioni moja na laki nne ilikuwa imetoa laki mbili na elfu tisini na tatu zaidi ya ilizokuwa nazo, halafu, baada ya kutoa zisizokuwepo, ikabakiwa na elfu arobaini na nane. Benki haikopeshi maiti wala mgonjwa kwa ukarimu wa namna hiyo. Kosa lilikuwa la karatasi. Alijumlisha ziada na salio: laki tatu na elfu arobaini na moja. Mahali fulani alikuwa amehesabu laki tatu na elfu arobaini na moja ambazo hazikuwahi kutoka.

Alifungua picha, safari hii moja baada ya nyingine, mstari kwa mstari, na kidole chake kikafuata safu aliyoidharau.

Picha ya kwanza, mistari miwili ya mwisho. Tarehe tisa, taslimu laki moja, salio laki tano na elfu hamsini na nane. Tarehe tisa, taslimu laki moja, salio laki nne na elfu hamsini na nane.

Picha ya pili, mistari miwili ya kwanza. Tarehe tisa, taslimu laki moja, salio laki tano na elfu hamsini na nane. Tarehe tisa, taslimu laki moja, salio laki nne na elfu hamsini na nane.

Pesa ikitoka mara ya tatu, salio lazima lishuke tena. Hili halikushuka. Lilikuwa limerudi pale pale, kwa sababu ilikuwa mistari ileile miwili, imepigwa picha mara mbili. Mwisho wa picha ya pili na mwanzo wa ya tatu palikuwa hivyo hivyo: duka la vyakula elfu arobaini na moja, tarehe kumi na sita, na taslimu laki moja, tarehe kumi na nane, kila mmoja na salio lilelile katika picha zote mbili.

Laki moja, na laki moja, na elfu arobaini na moja, na laki moja. Laki tatu na elfu arobaini na moja.

Kitinda alikaa juu ya gunia la saruji. Vumbi lilimpanda kwenye sketi, asilifute. Dada alikuwa amesema mara mbili tu. Alisema mbele yao wote, na yeye, mtu pekee pale ndani aliyeweza kumsikia, akamjibu kwa karatasi.

"Mzee," aliita, "naomba ruhusa ya saa mbili."

"Kuna nini?"

"Nimemtoza mtu kitu ambacho hakununua."

Mzee Misumari alifikiri anasema mteja wa dukani. "Basi mrudishie kabla hajalala," alisema.

*

Gereji ya Kaka Mkubwa ilikuwa na magari matatu yaliyofunguliwa vifua. Yeye alikuwa chini ya la katikati. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Kaka, nimekosea hesabu ya jana."

"Nilijua utakuja kumtetea," ilisema miguu.

"Sijaja kumtetea. Nimekuja kujishtaki. Toka uangalie."

"Niambie tu."

"Ukiambiwa hutaamini. Toka usome mwenyewe."

Kisha alijivuta nje, akajifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono yenyewe. Kitinda aliiweka simu yake juu ya meza ya vyuma, kwenye picha ya kwanza, akaomba simu ya Kaka na kufungua picha ya pili, akaziweka bega kwa bega.

"Soma mstari wa mwisho hapa. Usisome kiasi. Soma salio."

"Laki nne na hamsini na nane elfu."

"Sasa wa pili hapa."

Aliinama. Midomo yake ilitikisika bila sauti. Akarudi simu ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi tena. Alikuwa mtu anayeweza kusikia vali iliyolegea gari likiwa bado barabarani, na Kitinda aliona uso wake ukibadilika kwa namna ileile, pale anapogundua kwamba mlio alioudhania wa injini ni wa kitu kingine kabisa.

"Ni mstari mmoja," alisema.

"Mmoja. Na ulio juu yake pia. Na miwili ya picha inayofuata. Nimeihesabu yote mara mbili. Taslimu ni laki tatu na sitini, si laki sita na sitini. Chakula ni laki moja na elfu mbili. Ukijumlisha safu zote unapata milioni moja, laki tatu, hamsini na mbili elfu. Toa kwenye milioni moja na laki nne."

Alitoa kichwani. Pesa za gereji zilimzoesha. "Arobaini na nane," alisema, na sauti ilimpungua mwishoni.

"Ndizo zilizopo. Hakuna hata shilingi iliyopotea njiani."

Kaka Mkubwa alichukua spana, akaitazama, akairudisha mahali pake. "Bado kuna laki tatu na sitini za mkononi."

"Zipo. Muulize. Lakini jana hatukumuuliza, Kaka. Jana tulimsomea hukumu, halafu mimi nikaweka muhuri."

Kaka Mkubwa aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, na Kitinda akasikia ufunguo ukigonga sarafu.

*

Dada alikuwa kwenye cherehani walipofika. Kando ya ukuta palikuwa na maboksi mawili yaliyofungwa kamba, na binti yake amekalia moja akipaka rangi daftari lake. Dada hakusimamisha mguu. Kitambaa kiliendelea kupita chini ya sindano, sare ya shule ya mtoto wa mtu.

Kitinda alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalimkimbia.

"Dada, nilihesabu mistari minne mara mbili. Ulitoa mara mbili kama ulivyosema. Wewe ulisema kweli, mimi nilisoma vibaya."

Mguu ulisimama.

"Picha zako zilipandana," Kitinda aliendelea. "Mwisho wa moja ulikuwa mwanzo wa nyingine. Nilitakiwa kuangalia salio. Sikuangalia."

"Nilizipandanisha kusudi," alisema Dada.

"Kusudi?"

"Nilimjua huyu." Alimwonyesha Kaka Mkubwa kwa kidevu. "Nilijua akiona picha moja imeishia tarehe tisa na nyingine imeanzia tarehe kumi na moja, atasema nimeruka kitu katikati. Kwa hiyo kila picha niliacha mistari miwili ya nyuma ionekane, ili mtu aone hakuna nilichokata." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikajifunga kwa kamba yangu mwenyewe."

Uangalifu wote ule, wa mtu aliyeketi peke yake na simu ya marehemu akihakikisha hakuna mwanya, ndio Kitinda aliougeuza kuwa wizi.

Kaka Mkubwa alikuwa bado mlangoni. Alivua kofia. "Hizo laki tatu na sitini," alianza, kisha akasimama na kuanza upya. "Dada yangu, naomba unieleze. Ukitaka."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwita hivyo. Dada alikata uzi kwa meno, akakunja kitambaa.

"Laki tatu ni za yule mlezi aliyekuwa anakuja usiku kumgeuza mama kitandani. Mimi peke yangu sikumuweza, mgongo ulianza kumtoka vidonda. Elfu thelathini kwa usiku, usiku kumi. Hana akaunti, anataka mkononi. Namba yake ninayo, mpigie."

"Sipigi."

"Mpigie. Nataka umpigie." Alisubiri mpaka Kaka akaitikia kwa kichwa. "Elfu sitini aliniagiza mama mwenyewe, siku ile alipoamka na akili zake. Alisema mtoto wako anakwenda shule na viatu vilivyofunguka mdomo, na wewe umemaliza pesa kwake, usiambiwe, utaona haya. Mkeo alipokea. Alikwambia nini?"

Kaka Mkubwa alikaa. Hakuchagua pa kukaa. Alikaa pale miguu ilipomwishia, na palikuwa kwenye kiti cha mama, karibu na dirisha.

"Aliniambia mtoto kanunuliwa na bibi yake," alisema. "Nikadhani ni akiba yake ya zamani." Alijifunika uso kwa kofia. Mabega yake, ambayo Kitinda aliyaona yakinyanyua injini, yalitikisika mara moja, mbili, yakatulia.

Mtoto aliacha kupaka rangi. "Mjomba analia?"

"Mjomba ameingiwa na oili machoni," alisema Dada. "Mletee maji."

Baadaye Kaka Mkubwa aliinuka, akautoa ufunguo mfukoni, akautundika kwenye msumari. Kitambaa chekundu kilikuwa kimepata doa jeusi. Alijaribu kulifuta kwa kidole na kulifanya kubwa zaidi, akaliacha. Alianza kufungua kamba ya boksi la kwanza.

Kitinda alimsogelea Dada. "Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema Dada. "Lakini si leo. Leo bado inauma." Alimsogezea kigoda. "Kaa. Shangazi ameshapiga simu kwa watu wanne tangu jana, na kila mmoja ana laki sita na sitini kichwani. Andika kwenye kundi. Fungu kwa fungu, na jumla chini. Na uandike aliyekosea nani."

Kitinda alikaa, akaifungua simu yenye ufa. Safari hii alianza na salio la mwanzo. Akaandika kilichoingia, akaandika mafungu yote sita, akayajumlisha, akatoa, akafika elfu arobaini na nane, akalinganisha na mstari wa mwisho wa picha ya tatu. Zilikuwa sawa. Ndipo akaandika chini: *Hesabu ya Jumapili haikuwa sahihi. Kosa ni langu, Kitinda. Dada alionyesha kila kitu.*

Alimpa asome kwanza. Dada alisoma polepole, kidole kikishuka mstari baada ya mstari, kikakaa juu ya neno *taslimu*, kikaendelea mpaka chini.

"Ongeza hapa, kwenye taslimu," alisema. "Mlezi wa usiku. Asiachwe bila kutajwa, alimtunza mama vizuri."

Kitinda akaongeza, kisha akatuma.